Dai la hakimiliki kwenye video ya harusi: uliache, unyamazishe, ukate au upinge?

Harusi ilikuwa Wete. Video yake ilitoka na dakika 38, nikaipandisha YouTube Jumapili usiku na kuiwekea mpangilio wa Unlisted, maana shughuli ya wanawake haitakiwi kuzagaa. Aone aliyepewa kiungo tu. Asubuhi shangazi yake bi harusi, anayeishi Maskati, akaniletea ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nimefungua hapa kwenye TV, inaniambia imezuiliwa nchi hii kwa sababu ya hakimiliki. Wenzangu wa Pemba wote wameshaona, mimi peke yangu nimekaa. Umenifungia?"

Sikumfungia. Nilipoingia YouTube Studio, sehemu ya Content, nikakuta kwenye safu ya Restrictions neno Copyright. Kulikuwa na madai mawili. La kwanza lilishika dakika ya 12:05 hadi 16:40, bi harusi anaingia ukumbini huku spika zikipiga wimbo wa taarabu ya kisasa. La pili lilishika 26:10 hadi 28:30, kinamama wanacheza kidumbaki cha moja kwa moja, hakuna spika wala CD. Madai hayo mawili yanafanana kwa jina tu. Kila moja lilitaka jibu lake, na hapo ndipo wapiga video wengi tunapokosea: tunaogopa, tunafuta video, tunapandisha upya, tunadakwa tena.

Nitalinganisha njia zilizopo kwa kutumia video hiyo hiyo. Kwanza tuiondoe hofu iliyo kubwa.

Dai na onyo ni vitu viwili

Dai, ambalo kwenye skrini huitwa Content ID claim, hutolewa na mashine. Linaihusu video moja. Haliharibu hadhi ya chaneli yako, na hata ukiwa na madai hamsini chaneli haifungwi kwa sababu hiyo.

Onyo, copyright strike, huja kwa njia nyingine. Mwenye haki mwenyewe hujaza ombi la kisheria la kutaka video iondolewe, YouTube huiondoa, na chaneli hupata onyo. Onyo hudumu siku 90, mradi umemaliza somo fupi la hakimiliki wanalokupa. Ukifikisha maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa pamoja na kila kilichomo.

Nimewaona vijana wakifuta kazi ya miaka kwa kuona neno Copyright, wakidhani wamebakisha hatua moja kufungiwa. Walikuwa na madai tu. Kufuta hakukuwaletea faida yoyote, na walipoteza watazamaji na kiungo kilichokwisha kusambazwa kwa ndugu.

Mashine inasikiaje

Content ID ilianza mwaka 2007. Mwenye haki hukabidhi nakala ya wimbo wake, na kila video inayopandishwa hulinganishwa na ghala la nakala hizo. Si kila msanii anaingia humo moja kwa moja. Mlango huo uko wazi kwa wenye haki wakubwa. Mwimbaji wa kwetu hufika kupitia msambazaji anayempelekea nyimbo kwenye majukwaa. Ndiyo maana dai huandikwa jina la kampuni usiyoijua, ilhali wimbo ni wa kikundi unachokijua na mwimbaji wake mnakutana Darajani.

YouTube haitangazi undani wa mashine yake, lakini kanuni ya kutambua muziki inajulikana. Avery Wang, mmoja wa waanzilishi wa Shazam, aliieleza waziwazi katika andiko la mwaka 2003. Sauti hugawanywa vipande vidogo vidogo vya muda, na katika kila kipande huangaliwa ni masafa yapi yanayosikika kwa nguvu kuliko jirani zake. Ukiyachora utapata vitone vilivyotawanyika kama nyota: kulia ni muda, juu ni wembamba wa sauti. Kisha vitone hufungwa viwili viwili, na kwa kila jozi huandikwa masafa ya cha kwanza, masafa ya cha pili, na muda uliopita kati yao. Orodha ya jozi hizo ndiyo alama ya wimbo.

Mashine haisikilizi maneno wala haijui nani anaimba. Inatafuta jozi zako ndani ya ghala, halafu inaangalia kama nyingi zinaangukia wimbo mmoja kwa mpangilio ule ule wa muda. Jozi chache zinaweza kufanana kwa bahati. Mia zikifuatana sawasawa, huo ni ule ule wimbo.

Hapo utaona kwa nini vigelegele havikuokoi. Ukumbi una mwangwi, watoto wanalia, mshereheshaji anasema juu ya wimbo, na bado vile vitone vyenye nguvu vya kodiani na ngoma vinachomoza. Kelele huongeza vitone vipya, inafuta baadhi, lakini vinavyobaki vinatosha. Wanaoharakisha wimbo kidogo au kuupandisha sauti wakitumaini kuponyoka wanapoteza muda, na shughuli yote inasikika kama katuni. Vivyo hivyo ule usemi wa sekunde kumi au thelathini kuwa halali: hakuna kanuni hiyo YouTube. Kuandika chini ya video kwamba wimbo si wako hakubadilishi kitu, kwa kuwa mashine haisomi maelezo yako.

Sasa kidumbaki. Wapigaji waliokuwa ukumbini hawakupiga rekodi ya mtu. Kasi yao ilikuwa yao, fidla ilikuwa yao. Alama niliyoieleza juu isingeshika. Lakini Content ID ina ulinganisho wa pili, wa melodi, unaotafuta mpando na mshuko wa wimbo hata ukipigwa na watu wengine. Nyuma yake kuna haki mbili tofauti: haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyotiwa studio, na haki ya utunzi, yaani maneno na melodi. Ukimpigisha mtu wimbo wa mwingine, rekodi ni mpya, utunzi ni ule ule. Dai langu la pili lilikuwa la melodi.

Mambo matatu ya kusoma kabla ya kugusa kitu

Bonyeza See details. Angalia kwanza kilichodaiwa ni nini: rekodi au melodi. Pili, dakika zake. Tatu, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote, dai limefanya nini kwenye video.

Mwenye haki ndiye anayechagua. Anaweza kuiacha video ionekane na kufuatilia takwimu zake tu, anaweza kuweka matangazo na fedha zikaenda kwake, au anaweza kuizuia. Na anaweza kuchanganya kwa nchi: Tanzania ionekane, Omani izuiwe, Uingereza ionekane na matangazo. Kwetu visiwani jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu nusu ya watazamaji wa video ya harusi hawapo nyumbani. Wako Maskati, Dubai, London. Wewe ukiifungua Wete utaiona sawa kabisa na utadhani shangazi ana matatizo ya mtandao.

Kwangu, dai la rekodi lilizuia nchi kadhaa, Omani ikiwemo. Dai la melodi halikuzuia popote. Liliruhusu matangazo tu.

Njia zenyewe, ubavu kwa ubavu

| Njia | Picha | Sauti ya pale | Dai | Hatari ya onyo |
|---|---|---|---|---|
| Kuacha kama ilivyo | inabaki | inabaki | linabaki | hakuna |
| Kufuta wimbo au kunyamazisha | inabaki | hupungua au huondoka | huondoka | hakuna |
| Kuweka wimbo mwingine | inabaki | hubadilika | huondoka | hakuna |
| Kukata kipande | inaondoka | inaondoka | huondoka | hakuna |
| Kupinga | inabaki | inabaki | inategemea mdai | ipo |

Kuacha ndiyo njia isiyopewa heshima yake. Kama video haijazuiwa mahali unapotaka ionekane, na chaneli yako haiingizi fedha, dai halikuondolei chochote. Tangazo likipita, fedha zinaenda kwa mwenye wimbo, na mimi sioni ubaya: wimbo wake ndio uliomwingiza bi harusi. Lakini kama chaneli yako imo kwenye mpango wa mapato, fahamu kwamba kwa kawaida mdai huchukua mapato ya video nzima, hata kama wimbo wake umesikika dakika mbili kati ya thelathini na nane. Kwa mwenye chaneli ya biashara hesabu hiyo si ndogo.

Kufuta wimbo hufanyika ndani ya Studio yenyewe, kwa kitufe cha Erase song. Ndani yake kuna namna mbili. Moja hujaribu kuutoa wimbo na kuacha sauti nyingine. Ya pili hunyamazisha kila kitu katika zile dakika. Ya kwanza inapendeza kwa maelezo, na inafaa pale wimbo uko mbali nyuma na mtu anazungumza karibu na kipaza sauti. Ukumbini, ambapo wimbo, vigelegele na mshereheshaji vimeingia pamoja kwenye kipaza kimoja cha kamera, usitarajie usafi. YouTube wenyewe hutahadharisha kwamba wimbo mgumu kutenganishwa unaweza usifutike, na hapo dai hubaki. Ya pili haishindwi, ila bi harusi ataingia ukumbini kimya kwa dakika nne na nusu. Nilijiuliza mama yake atajisikiaje kuona vinywa vikifunguka bila sauti.

Kuweka wimbo mwingine kutoka maktaba ya sauti ya YouTube kunatoa dai vizuri, na nyimbo za maktaba hiyo hazikuletei dai jipya. Kwa video ya duka, ya hoteli, ya mandhari ya Nungwi au Kigomasha, ningeanzia hapa. Kwa harusi sipendi. Watu wanacheza mdundo wa taarabu, bega linakwenda polepole, na juu yake umeweka gitaa la kizungu. Jicho linaona na sikio linakataa. Tena sauti za mle ukumbini zinaondoka pamoja na wimbo wa mwanzo.

Kukata hutoa picha na sauti pamoja. Nakata bila kusita pale kilichodaiwa ni kipande cha kusubiri, watu wanakula, dijei anajaribu spika. Bi harusi kuingia hakukatwi. Kuna mipaka ya kujua: video iliyozidi saa sita haihaririwi humo, na iliyotazamwa zaidi ya mara 100,000 inaweza kukataliwa mabadiliko kama chaneli haimo kwenye mpango wa mapato. Video za harusi hazifiki huko, ila kama umepandisha mashindano ya ng'ombe ya Pemba na yakasambaa, unaweza ukafika.

Njia hizi tatu za kuhariri zina wema mmoja kwa pamoja: kiungo kinabaki kile kile. Baada ya usindikaji kumalizika, ambao unaweza kuchukua saa kadhaa kwa video ndefu, dai huondoka lenyewe. Kwa upande mwingine, kufuta video na kuipandisha upya hakumo katika jedwali kwa makusudi. Sauti ni ile ile, alama ni ile ile, mashine itadai tena. Na kubadilisha mpangilio uwe Unlisted au Private hakusaidii, kwa sababu video hupimwa hata kama haionekani na mtu.

Kupinga: njia yenye faida kubwa na yenye makali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kati ya njia za jedwali hii ndiyo pekee inayoweza kulitoa dai bila kuharibu chochote, na ndiyo pekee inayoweza kukuzalia onyo.

Ukibonyeza Dispute, unachagua sababu: kazi ni yako mwenyewe, una ruhusa, ni matumizi yanayoruhusiwa kisheria, au kazi imeshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki. Upinzani wako hauendi kwa hakimu wala kwa mfanyakazi wa YouTube. Unakwenda kwa yule yule aliyedai. Ana siku 30. Akinyamaza, dai huanguka. Akikubali, huliachia. Akikataa, dai hurudi, na unaweza kukata rufaa. Kwenye rufaa ana siku 7. Video ikiwa imezuiwa, unaruhusiwa kuruka hatua ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye rufaa, ili usingoje mwezi mzima.

Makali yako hapa: katika kujibu, mdai anaweza kutoa ombi la kuondoa video, na ombi hilo likikubaliwa unapata onyo. Kwenye rufaa kuna mlango wa kutokea: mdai anaweza kuweka ombi la kuondoa lenye muda wa siku 7, na ndani ya siku hizo ukiondoa rufaa yako, unasalimika. Ukipita hapo, kinachobaki ni kukanusha kisheria kwa jina na anwani yako, na mdai apewe siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Mpiga video wa harusi hahitaji kufika huko kwa wimbo mmoja.

Kwa walio kwenye mpango wa mapato kuna hesabu ya siku 5. Ukipinga ndani ya siku tano tangu dai lilipoingia, fedha zote tangu siku ya kwanza huwekwa pembeni hadi mshindi ajulikane. Ukichelewa, huwekwa kuanzia siku uliyopinga tu, na za nyuma zimeshakwenda.

Basi upinge lini? Nimeona hali tatu zinazofaa kweli.

Ya kwanza, una ruhusa ya maandishi. Umemlipa mtunzi, au kikundi kimekuandikia kwamba wimbo utumike kwenye video yako. Ruhusa ya mdomo haitoshi, na risiti ya kununua CD au kupakua wimbo siyo ruhusa, umenunua kusikiliza.

Ya pili, mashine imeshika kisicho cha mdai. Hili hutokea sana na midundo ya kununua. Mtayarishaji anachukua mdundo unaouzwa kwa watu wengi, anauimbia, na msambazaji anaupeleka wimbo mzima ghalani. Kuanzia hapo kila aliyetumia mdundo ule anadaiwa. Masharti ya Content ID yanataka haki za nakala ziwe za mdai peke yake, kwa hiyo dai kama hilo lina kasoro na ukilieleza kwa utulivu, huku ukiambatisha leseni yako ya mdundo, mara nyingi una pa kusimamia.

Ya tatu ni kazi ya kale, na hapa watu hujichanganya. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Mtu huchukua hilo na kusema nyimbo za zamani ni za wote. Lakini turudi kwenye haki mbili: melodi inaweza kuwa ya kale kiasi gani, kikundi kilichoipiga studio juzi kina haki juu ya rekodi yake ya juzi. Kama spika za ukumbini zilipiga rekodi hiyo, uzee wa melodi haukusaidii. Kama waliopiga ni watu wako na dai ni la melodi ya wimbo wa asili usio na mtunzi, hapo ndipo una hoja.

Sababu ya kwamba "ni harusi tu, si biashara" haimo. Nimeiona ikiandikwa mara nyingi. Mdai akiisoma, umemthibitishia kwamba wimbo ni wake na kwamba huna ruhusa.

Nilivyochagua

Dai la pili, la kidumbaki, niliacha. Halikumzuia mtu, chaneli yangu haiingizi fedha za matangazo, na sikuwa na uhakika kwamba wimbo ule hauna mtunzi anayejulikana. Ningepinga kwa kujiaminisha bure.

Dai la kwanza lilinipa kazi. Kunyamazisha kungeharibu kilele cha shughuli. Kukata, vivyo hivyo. Kupinga sikuwa na haki nako: wimbo ulikuwa wao kweli, na dijei aliyeupiga hakuwa na ruhusa ya kuniachia mimi. Lakini kuna njia ndogo ya pembeni ambayo kwetu inawezekana kuliko kwa watu wa nchi kubwa, kwa vile tunajuana. Nilimtafuta kiongozi wa kikundi, kwa kupitia mpiga kodiani mmoja. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba video ni ya familia, haiuzwi, iko Unlisted, na kinachonisumbua ni Omani. Nikamwandikia kiungo, dakika zilizodaiwa, na jina la mdai kama lilivyo kwenye skrini.

Hakujua kabisa kwamba wimbo wake umezuiwa Omani. Alipotia saini na msambazaji hakuulizwa nchi. Yeye ndiye mteja wa msambazaji, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sauti ya kusikilizwa. Mimi ningeandika barua kumi. Aliwaandikia waliachie dai kwenye video ile moja. Mdai anaweza kuachia dai wakati wowote, bila upinzani wowote kuwekwa na bila kuhesabiwa siku. Ilichukua siku tisa. Siku ya kumi safu ya Restrictions ilibakiwa na lile dai la melodi peke yake, na shangazi akaniletea ujumbe mwingine wa sauti ambao nusu yake ni vigelegele.

Siku tisa ni nyingi kwa familia inayongoja. Kwa hiyo siku ile ile ya Jumatatu nilimtengenezea shangazi nakala ya pili, fupi, ambayo kwenye kompyuta yangu niliondoa zile dakika nne na nusu, nikampelekea aanze nayo. Hiyo ndiyo sababu nakuomba uweke faili la mwanzo kwenye diski yako, lenye sauti ya kipaza cha kamera na sauti ya kipaza cha mshereheshaji zikiwa mbalimbali. Ukiwa na sauti mbili, unaweza kupunguza ile iliyobeba wimbo na kubakiza maneno, kazi safi kuliko kitufe chochote cha kufuta.

Tangu harusi ile nimebadilisha mpangilio wa kazi. Napandisha video usiku ikiwa Private na kungoja hatua ya Checks imalize kuipima kabla sijampa mtu kiungo. Kukiwa na dai, nasoma orodha ya nchi kabla ya kitu kingine na kuwauliza wenye shughuli ndugu zao wako wapi. Kama nchi zilizozuiwa hazina ndugu, naacha. Kama zina ndugu na kipande si muhimu, nakata. Kama ni muhimu na wimbo ni wa kikundi cha visiwani, napiga simu. Wimbo ukiwa wa nje, wa kampuni kubwa nisiyofikia mtu wake, ndipo nanyamazisha, na nawaambia wenye harusi mapema ili wasishtuke.

Wanaorusha nikaha moja kwa moja hawana nafasi hiyo ya kungoja. Matangazo ya moja kwa moja nayo hupimwa yakiwa yanaendelea, na wimbo ukishikwa picha inaweza kubadilishwa na bango tuli hadi wimbo uzimwe. Kwa hao ushauri wangu ni mmoja: mkubaliane na dijei asipige rekodi yoyote mpaka khutba na ijabu viishe na kamera izimwe.

Na video iliyopita salama leo haijapita kwa maisha. Kikundi kinapokabidhi nyimbo zake za zamani kwa msambazaji, ghala hupata nakala mpya, na video zilizopandishwa miaka ya nyuma hulinganishwa nazo pia. Mwezi uliopita nilipata dai kwenye harusi ya Mkoani niliyoipandisha mwaka 2019. Halijazuia nchi yoyote, na nimeliacha.